Rejesho la 143: mwaka 2038 umeshaingia kwenye daftari za mikopo

Mwaka 2024 wateja wa umeme wa LUKU nchini Tanzania, na wenzao wa tokeni nchini Kenya, walikutana na jambo wasilolizoea. Ulinunua umeme kama kawaida, lakini badala ya tarakimu 20 ukapewa mafungu matatu ya tarakimu 20. Fungu la kwanza na la pili hayakuwa na uniti hata moja. Uliyaingiza kwenye mita kwa mpangilio, moja baada ya jingine, na la tatu ndilo lililoleta umeme. Aliyefika Novemba 24, 2024 bila kufanya hivyo, mita yake ingekataa umeme alioulipia.

Sababu ilikuwa ya hesabu tupu. Kila tokeni hubeba namba ya dakika iliyotengenezwa, dakika hizo zikihesabiwa tangu Januari 1, 1993. Mita hukumbuka namba ilizokwisha kupokea ili mtu asiingize tokeni moja mara mbili, na hukataa ile inayoonekana ya zamani mno. Namba yenyewe ilipewa nafasi ya biti 24, yaani dakika 16,777,216. Dakika hizo ni miaka 31 na miezi kumi na kitu, na zilikwisha siku ile ya Novemba. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na tokeni ya leo ingeonekana kuukuu kuliko ya mwaka jana. Yale mafungu mawili ya mwanzo yaliifutia mita kumbukumbu na kuiambia ianze kuhesabu kutoka 2014. Kwa hiyo imepata muda mpya hadi 2045.

Nimeanza na mita kwa kuwa wengi wetu tumeshaishika kwa mikono. Jambo la mwaka 2038 ni ndugu yake wa damu, ila mita yake haipo ukutani. Imejificha ndani ya programu, na hakuna atakayekuletea tarakimu za kuingiza.

Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde zilizopita tangu saa sita usiku ya Januari 1, 1970, kwa saa za Greenwich. Desturi hiyo ilitoka kwa Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao wa Bell Labs, Marekani, walipokuwa wakiunda mfumo wa Unix. Mwanzoni walihesabu kwa vipande vya moja ya sitini ya sekunde, na biti 32 zingejaa ndani ya siku 829 tu. Walipohamia sekunde nzima, biti zilezile zikatosha miaka mingi. Mashine yao ya PDP-11 ilifanya kazi kwa biti 16 kwa wakati, kwa hiyo namba ya biti 32 tayari ilikuwa inachukua nafasi mbili, na kuiongeza zaidi kungekuwa gharama.

Chukua biti hizo kama visanduku 32 vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja kikiwa na 0 au 1. Kisanduku cha kwanza kimewekwa kando kwa ajili ya alama: 0 maana yake namba ni chanya, 1 maana yake ni hasi. Faida yake ni kwamba unaweza kuandika tarehe za kabla ya 1970. Hasara yake ni kwamba vimebaki visanduku 31 vya kuhesabia, na vyote vikijaa namba inakuwa 2,147,483,647. Sekunde hizo zinatimia Jumanne, Januari 19, 2038, saa 9 na dakika 14 na sekunde 7 usiku kwa saa za Greenwich. Kwetu Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, watu wakiwa njiani kwenda kazini. Sekunde moja zaidi, ile 1 ya nyongeza inasukuma mstari mzima na kuangukia kwenye kisanduku cha alama. Namba inageuka kuwa hasi 2,147,483,648, na kwa saa inayosoma hivyo leo ni Ijumaa, Desemba 13, 1901.

Watu wengi wakisikia hapo huhesabu miaka iliyobaki, kisha hutulia. Hesabu hiyo wanaianzia upande usiofaa. Mfumo haungoji saa ya ukutani ifike 2038, kwa sababu mifumo huandika tarehe zijazo kila siku: siku ya mwisho ya mkopo, siku ya kustaafu, siku ya kuisha kwa hati. Siku ambayo mfumo wako unakutana na mwaka 2038 ni siku ile unapoandika ahadi ndefu ya kutosha kuufikia. Mwenye mikopo ya miaka mitano ana muda. Mwenye mikopo ya nyumba ya miaka ishirini alipaswa kukutana nao mwaka 2018.

Lilishatokea hadharani. Mwezi Mei 2006, seva zilizotumia programu ya AOLserver zilianza kuanguka bila mtu kugusa kitu. Wasimamizi wake walitaka miunganisho fulani ya kanzidata isiwe na ukomo, na badala ya kuandika “milele” waliandika kwenye mipangilio ukomo wa sekunde bilioni moja. Ni karibu miaka 32, na nani angeulalamikia? Lakini programu ilichukua sekunde za wakati ule ikajumlisha bilioni moja, na usiku wa Mei 12 kwa saa za Marekani jumla ikavuka 2,147,483,647. Tarehe ya kuisha muda ikawa hasi, kwa maana kwamba muda ulikuwa umekwisha zamani. Tiba ilikuwa kuandika namba ndogo zaidi kwenye mipangilio, basi. Yapata miaka 32 kabla ya tarehe yenyewe, 2038 ilikuwa imeshabisha hodi.

Sasa tulete hesabu hiyo nyumbani. Tuchukue chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, kinachotumia programu iliyoandikwa na kijana mmoja miaka kumi na kitu iliyopita, data ikiwa kwenye MySQL. Seva ni mpya, ya biti 64. Machi 1, 2026 mwanachama anapewa mkopo wa kujengea nyumba wa miaka 12, marejesho 144, la kwanza Aprili 1, 2026 na la mwisho Machi 1, 2038. Ofisa anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na programu inaandika mistari 144 kwenye jedwali la marejesho. Safu ya tarehe ya kulipa imepewa aina ya `TIMESTAMP`.

Upya wa seva hausaidii hapa. Aina ya `TIMESTAMP` katika MySQL ina mwisho wake ulioandikwa kwenye maelezo ya bidhaa yenyewe: `2038-01-19 03:14:07` kwa saa za Greenwich. Haijalishi prosesa ni ya biti ngapi. Rejesho la 142 ni la Januari 1, 2038, linaingia. La 143 ni la Februari 1, nalo haliingii.

Kinachofuata kinategemea ukali wa mipangilio. Tangu toleo la 5.7, lililotoka 2015, MySQL ikiachwa ilivyo hukataa tarehe kama hiyo kwa ujumbe wa aina hii:

```
ERROR 1292 (22007): Incorrect datetime value:
'2038-02-01 00:00:00' for column 'due_date' at row 143
```

Hiyo ndiyo hali nzuri. Mkopo haukuhifadhiwa, ofisa anakasirika, fundi anaitwa, kosa linajulikana. Shida iko kwa mifumo mingi iliyoanzia kwenye matoleo ya zamani, au ambayo fundi alilegeza ukali huo kwa makusudi ili programu kuukuu iendelee kufanya kazi. Huko kanzidata hailalamiki kwa sauti. Inaandika `0000-00-00 00:00:00` kwenye mistari miwili ya mwisho, inaacha onyo ambalo hakuna anayelisoma, na skrini inamwambia ofisa kwamba mkopo umehifadhiwa.

Fuatilia mistari hiyo miwili. Usiku ule ule programu inatafuta marejesho yaliyochelewa: yale ambayo tarehe yake ya kulipa ni ndogo kuliko leo na hayajalipwa. Tarehe ya sifuri ni ndogo kuliko leo yoyote. Kwa hiyo mwanachama aliyepokea mkopo asubuhi anaamka kesho akiwa mdaiwa sugu wa marejesho mawili, na mfumo ukikata faini kwa siku, unakata. Ofisa anayapitia malipo, haoni kosa, anafuta faini kwa mkono na kuendelea na kazi. Mkopo wa miaka 11 uliotolewa siku hiyo hiyo hauna tatizo lolote, na hilo ndilo linalowachanganya mafundi: mfumo unakosea kwa watu wachache, wale wa mikopo mirefu tu, bila mpangilio wanaouelewa.

Kuna programu nyingine, hasa zile za PHP za zamani, ambazo hazikutumia aina ya tarehe kabisa. Zilihifadhi sekunde zenyewe kwenye safu ya `INT`. Nayo ni biti 32 zenye alama, na mwisho wake ni ule ule 2,147,483,647. Kanzidata isiyo kali ikipewa namba kubwa zaidi huibana kwenye ukomo huo na kuihifadhi hivyo. Matokeo yake kila rejesho la baada ya hapo linaangukia siku moja, Januari 19, 2038. Ukiona kwenye ripoti wanachama kumi wa mikopo tofauti wote wanamaliza deni siku hiyo, usitafute maelezo mengine.

Kwa kweli tarehe zenyewe ndizo zinazosema, na mhasibu asiye fundi anaweza kuzisoma. Desemba 13, 1901 inaonyesha namba iliyojaa ikageuka hasi. Januari 19, 2038 inaonyesha namba iliyobanwa ukingoni. Sifuri tupu inaonyesha kanzidata iliyokubali kimyakimya. Na kuna ya nne, Januari 1, 1970 saa 9 kasoro sekunde moja usiku kwa saa zetu. Hiyo hutokea programu ilipoomba kugeuza tarehe kuwa sekunde, ikajibiwa `-1`, yaani “haiwezekani”, na yenyewe ikalichukua jibu hilo kama sekunde moja kabla ya mwanzo wa hesabu.

Kutafuta safu zilizo hatarini ni kazi ya dakika chache. Kama kanzidata inaitwa `mikopo`, fundi anaandika hivi:

```sql
SELECT table_name, column_name
FROM information_schema.columns
WHERE table_schema = 'mikopo'
  AND data_type IN ('timestamp', 'int');
```

Safu za `INT` zitakuwa nyingi, kwa sababu humo mna namba za wanachama na idadi za kawaida. Itabidi kuzipitia moja moja kutafuta zinazobeba sekunde, na hizo zihamishiwe `BIGINT`. Safu za `TIMESTAMP` zinazoandika jambo lililokwishatokea, kama saa ambayo muamala ulifanyika, zinaweza kungoja kidogo. Zinazobeba tarehe zijazo ndizo za kwanza.

Hapo kwenye kurekebisha kuna mtego nisiopenda kuupita haraka. Fundi mwenye haraka atabadilisha `TIMESTAMP` kuwa `DATETIME`, aina inayofika mwaka 9999. Lakini aina hizi mbili hazitunzi wakati kwa namna moja. `TIMESTAMP` huhifadhi kwa saa za Greenwich na kutafsiri kwa saa za anayesoma, wakati `DATETIME` huhifadhi kile ilichoambiwa, kama kilivyo. Wakati wa kubadilisha, kanzidata huandika saa kama inavyosomeka kwa aliyeunganishwa muda huo. Kama programu imekuwa ikifanya kazi kwa saa za Afrika Mashariki, na fundi ameunganishwa kutoka seva iliyowekwa saa za Greenwich, basi saa sita usiku ya Aprili 1 inaandikwa kuwa saa tatu usiku ya Machi 31. Marejesho yote ya wanachama wote yanarudi nyuma siku moja, nayo kanzidata inaripoti kazi imekamilika salama. Kabla ya kugusa jedwali, lazima mtu aandike `SET time_zone = '+03:00';`, afanye kazi kwenye nakala kwanza, na alinganishe tarehe za zamani na mpya mstari kwa mstari.

Mimi naona kwamba hata `DATETIME` si jibu sahihi kwa tarehe ya kulipa deni. Aprili 1 si nukta fulani ya muda; ni siku kwenye kalenda, na haibadiliki ukiwa Mwanza au Maskati. Kuipa sekunde tangu 1970 kulikuwa kosa tangu mwanzo, kosa ambalo 2038 imelifichua tu. Safu hiyo inataka aina ya `DATE`, isiyo na saa ndani yake. Inafika 9999, na inachukua baiti tatu badala ya nne.

Upande wa saa ya mfumo wenyewe, habari ni njema zaidi kuliko wengi wanavyodhani, ingawa kazi yake ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Kwenye kompyuta za biti 64 Linux huhesabu sekunde kwa biti 64, na ukomo huo hautamhusu mtu yeyote. Ugumu ulikuwa kwa mashine za biti 32. Si suala la kupanua namba mahali pamoja, kwa sababu programu na maktaba zinazoitumikia hukubaliana mapema juu ya ukubwa wa kila kitu wanachopeana. Ni kama fomu yenye visanduku vya tarehe: ofisi moja ikichapa fomu mpya yenye visanduku vingi na nyingine ikabaki na ya zamani, maandishi ya tarehe yanaingia kwenye nafasi ya jina. Programu ya zamani hutenga baiti 8 za kupokea wakati. Maktaba mpya hujibu kwa baiti 16. Baiti 8 za ziada zinamwagika juu ya data iliyo jirani, na programu inaharibika mahali pasipohusiana na saa hata kidogo.

Ndiyo maana kazi hiyo ilichukua miaka. Arnd Bergmann, Deepa Dinamani na wenzao walipitia kiini cha Linux faili kwa faili, na toleo la 5.6 la Machi 2020 likawa la kwanza ambalo mashine ya biti 32 ingeweza kuvuka 2038. Maktaba ya glibc ikafuata Agosti 2021. Debian walilazimika kujenga upya mamia ya maktaba kwa pamoja na kuzipa majina mapya, ili za zamani na za sasa zisikutane kwenye mashine moja. Ukiona kifurushi kinaitwa `libssl3t64`, hiyo `t64` ndiyo alama ya kazi hiyo. Ilikamilika katika Debian 13, Agosti 2025. Hata hivyo kompyuta za zamani za aina ya i386 ziliachwa makusudi na saa ya biti 32, kwa sababu kinachowaweka watu huko ni programu kuukuu zisizoweza kujengwa upya, na kupanua saa kungezivunja leo.

OpenBSD walichukua njia tofauti. Katika toleo la 5.5, Mei 2014, walibadilisha saa kuwa biti 64 kwenye mashine zote kwa mkupuo, na kila programu ikajengwa upya. Waliweza kwa sababu hawaahidi kwamba programu ya toleo la jana itakimbia kwenye la leo. Kila mtu angependa ujasiri wao, lakini mwenye programu ambayo mtengenezaji wake hayupo tena hawezi kuufuata.

Vilivyobaki nyuma ni vifaa visivyosasishwa. Android inayotumia programu za biti 32 bado ina saa ya biti 32, na simu nyingi za bei nafuu mikononi mwa watu wetu ni za namna hiyo. Jaribio lake ni rahisi kwa mwandishi wa programu: mistari hii ya C ikichapisha 4, kifaa hakitavuka; ikichapisha 8, saa yake ni salama.

```c
#include <stdio.h>
#include <time.h>
int main(void) {
    printf("%d\n", (int)sizeof(time_t));
}
```

Kwa simu sina hofu kubwa, maana chache zitakuwa hai 2038. Ninachokihofia ni kile kinachofungwa ukutani na kusahaulika: rekoda ya kamera, mlango wa kadi, kidhibiti cha pampu ya maji. Vifaa hivyo hukaa miaka 15 au 20, na anayenunua leo kifaa cha biti 32 chenye mfumo wa kabla ya 2020 ananunua kitu chenye tarehe ya kufa ndani yake.

Kifaa hubadilishwa kikichoka, lakini data haichoki. Chama kikinunua seva mpya, jedwali la marejesho linanakiliwa lilivyo, na aina ya safu inahama nalo. Ndiyo sababu nawaomba mameneja wa vyama vya akiba, benki ndogo na mifuko ya mafao wafanye jambo moja wiki hii, kwenye nakala ya majaribio wala si kwenye mfumo halisi: ingizeni mkopo wa miaka 15 kutoka leo, kisha fungueni ratiba ya marejesho na kusoma mstari wa mwisho. Kama tarehe iliyopo pale si ile mliyoitarajia, mfumo wenu umeshafika 2038, na kuna wanachama wa mikopo mirefu ambao faini zao zinatakiwa kukaguliwa tangu mwanzo.